Mpaka Uwekwe Alama Gani? Kusoma Mkunjo wa Programu Inayosaka TB Kwenye Eksirei

Programu ya kompyuta inayosoma picha ya eksirei ya kifua haisemi kwamba huyu ana kifua kikuu na yule hana. Inatoa namba tu. Picha inaingia, muda mfupi baadaye inatoka alama, aghalabu kati ya 0 na 100, na kadiri alama ilivyo kubwa ndivyo programu ilivyoona madoa na vivuli vinavyofanana na vya TB. Mwenye alama 91 anaombwa atoe makohozi yakapimwe. Mwenye alama 6 anaruhusiwa aende zake. Je, mwenye 58? Hapo programu imeshamaliza kazi yake na kazi ya binadamu ndiyo inaanza. Lazima mtu aamue kwamba kuanzia alama fulani kwenda juu tunapima makohozi, na chini ya hapo tunamwacha mtu aondoke.

Alama hiyo ya mpaka ndiyo habari yetu. Shirika la Afya Duniani liliruhusu mwaka 2021 programu za namna hii zitumike badala ya jicho la daktari katika kuchuja watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, na Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwa katika orodha ya shirika hilo ya miaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB duniani. Shirika liliruhusu programu, lakini halikutaja alama moja ya mpaka inayofaa kila mahali. Haikuwezekana, na sababu yake inaonekana wazi mtu akiwa na mkunjo mbele yake.

Tutunge mfano mdogo unaoweza kufanyika kwa kalamu na karatasi. Watu 15 wamepigwa eksirei, na wote bila kubagua wamepimwa makohozi. Watano wamethibitika kuwa na TB, kumi hawana. Programu iliwapa wale watano alama 91, 84, 77, 58 na 33. Wale kumi wakapata 80, 62, 49, 41, 36, 30, 22, 15, 11 na 6.

Makundi mawili yameingiliana. Yupo asiye na TB aliyepata 80; labda mapafu yake yana makovu ya TB aliyotibiwa zamani na akapona. Yupo mgonjwa aliyepata 33. Labda ugonjwa ndiyo kwanza unaanza na picha haijachafuka. Popote utakapoweka mpaka, utakosea kwa upande mmoja au mwingine.

Weka mpaka kwenye 70. Walio juu yake ni wagonjwa watatu, wenye 91, 84 na 77, pamoja na yule mmoja asiye na TB mwenye 80. Umenasa wagonjwa watatu kati ya watano, yaani asilimia 60, na umemshuku bure mtu mmoja kati ya kumi, asilimia 10. Shusha mpaka hadi 50: unanasa wanne kati ya watano, asilimia 80, na unashuku bure wawili kati ya kumi, asilimia 20. Shusha tena hadi 32: umewanasa wote watano, lakini wanaoshukiwa bure sasa ni nusu ya wale kumi.

Kila mpaka, basi, huzaa namba mbili: kiwango cha kunasa, kinachohesabiwa ndani ya wagonjwa peke yao, na kiwango cha kushuku bure, kinachohesabiwa ndani ya wasio wagonjwa peke yao. Mkunjo ni mchoro wa namba hizo mbili kwa mipaka yote kwa pamoja. Kushuku bure huwekwa kwenye mstari wa chini, kutoka 0 kushoto hadi 1 kulia. Kunasa huwekwa kwenye mstari wa pembeni, kutoka 0 chini hadi 1 juu.

Kuuchora hakuhitaji kompyuta. Panga alama zote kuanzia kubwa kwenda ndogo, weka kalamu kwenye pembe ya chini kushoto, kisha ipitie orodha. Ukikuta mgonjwa, panda hatua moja, na kwa kuwa wako watano, kila hatua ni 0.2. Ukikuta asiye mgonjwa, sogea kulia hatua moja, na kwa kuwa wako kumi, kila hatua ni 0.1. Katika mfano wetu kalamu inapanda mara mbili (91, 84), inasogea kulia mara moja (80), inapanda (77), inasogea (62), inapanda (58), inasogea mara tatu (49, 41, 36), inapanda kwa mara ya mwisho (33), halafu inateleza kulia mara tano hadi pembe ya juu kulia. Kilichopatikana kina ngazi ngazi kwa sababu watu ni wachache. Wakiwa maelfu, ngazi huwa ndogo mno hata jicho likaona mstari laini uliopinda, na ndiyo maana huitwa mkunjo.

Wa kwanza kuuhitaji mchoro huu hawakuwa madaktari. Ulitokana na utafiti wa rada uliofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambako swali lilikuwa kama doa kwenye kioo ni ndege au ni vurugu za mawimbi tu. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Michigan waliuweka katika hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baadaye Mmarekani Lee Lusted akauleta kwenye usomaji wa eksirei. Uhusiano ni dhahiri: msoma rada na msoma picha ya kifua wote wawili wanatazama kivuli na kujiuliza kama kuna kitu.

Mkunjo husomwa hivi. Pembe ya juu kushoto ndiyo peponi: umenasa wagonjwa wote na hukumshuku bure hata mmoja. Mstari ulionyooka kutoka pembe ya chini kushoto hadi ya juu kulia ni wa programu isiyojua kitu, inayogawa alama kama kura ya bahati nasibu. Kila unapoongeza asilimia kumi ya wagonjwa unaongeza pia asilimia kumi ya wasio wagonjwa. Mkunjo halisi huwa kati ya hapo. Ukikuta umeshuka chini ya mstari huo wa kubahatisha, usiitupe programu kwanza. Mara nyingi kuna mtu amegeuza majibu, aliyeandikwa "1" akawa ndiye asiye na TB, na ukigeuza upya mkunjo unaruka upande wa pili.

Ila jambo linalofaa kutazamwa zaidi ni ukali wa mwinuko. Pale mkunjo unapopanda wima, kushusha mpaka kidogo kunakupa wagonjwa wengi kwa gharama ndogo. Pale unapolala, unaongeza watu wa kupimwa na hupati mgonjwa mpya. Mkunjo wetu unapanda wima mwanzoni, halafu kati ya alama 58 na 33 unalala kwa hatua tatu nzima kabla ya kumpata mgonjwa wa tano. Tutarudi kwenye kipande hicho, kwa sababu ndicho kinachogharimu pesa.

Kabla ya hapo, eneo. Watu wengi hawauchori mkunjo kabisa. Wanataja namba moja tu, eneo lililo chini yake, na ndiyo namba utakayoiona kwenye kipeperushi cha muuzaji. Mraba wote una eneo 1. Mstari wa kubahatisha unaacha nusu chini yake, 0.5. Mkunjo unaogusa pembe ya peponi una 1 kamili. Wetu tunaweza kuuhesabu kwa kuukata vipande kumi vya upana wa 0.1: kipande cha kwanza kina kimo cha 0.4, cha pili 0.6, vitatu vinavyofuata 0.8, na vitano vya mwisho 1. Jumla ni 0.84.

Maana ya 0.84 hiyo si kwamba programu inapatia mara 84 kati ya 100. Kosa hilo limeenea, hata kwa watu waliosoma. James Hanley na Barbara McNeil walieleza maana yake kwa wataalamu wa radiolojia mwaka 1982, nayo ni hii: chagua kwa kura mgonjwa mmoja na asiye mgonjwa mmoja, eneo ni uwezekano kwamba mgonjwa atakuwa na alama kubwa kuliko mwenzake. Tuhakikishe. Wagonjwa watano na wasio wagonjwa kumi wanatoa jozi 50. Mwenye 91 anawashinda wote kumi, na mwenye 84 vilevile. Mwenye 77 anashindwa na 80 tu, kwa hiyo anashinda tisa. Mwenye 58 anashinda wanane. Mwenye 33 anashinda watano. Jumla ni 42, na 42 kwa 50 ni 0.84. Ni namba ileile tuliyoipata kwa kukata vipande.

Ukiielewa hivyo, utaona pia upungufu wake. Eneo linazungumzia mpangilio wa watu tu, nani yuko juu ya nani. Halijui mpaka uko wapi, halijui wagonjwa ni wangapi mtaani, na halijui katriji ya kupimia makohozi inauzwaje. Tena linaweza kuwa lilelile kwa programu tatu zisizofanana hata kidogo.

Chukua programu yetu, tuiite ya kwanza, na uiweke kando ya nyingine mbili zilizowapima watu walewale 15. Ya pili inawaweka wagonjwa wanne juu kabisa bila doa, lakini mgonjwa wa tano inamzamisha chini ya watu wanane wasio na TB. Jozi alizoshinda kila mgonjwa ni 10, 10, 10, 10 na 2, jumla 42. Ya tatu inaanza vibaya: anayeongoza orodha hana TB. Wanafuata wagonjwa wawili, kisha mmoja asiye na TB, kisha wagonjwa watatu waliobaki, na chini hakuna mgonjwa hata mmoja. Jozi zake ni 9, 9, 8, 8 na 8, nazo ni 42. Programu zote tatu zina eneo 0.84, na kipeperushi kingezisifu kwa maneno mamoja.

Sasa zipime kwa kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2014 vigezo vya chini kwa kipimo cha kuchuja TB kabla ya kipimo cha maabara: kinase angalau asilimia 90 ya wagonjwa, na kisishuku bure zaidi ya asilimia 30 ya wasio wagonjwa. Ya kwanza inafeli, maana ili imnase mgonjwa wa tano lazima ishuku bure asilimia 50. Ya pili inafeli vibaya zaidi, asilimia 80. Ya tatu, ile iliyoanza kwa aibu, inawanasa wote kwa kushuku bure asilimia 20 tu. Lakini badilisha kazi. Tuseme unataka kuwaanzishia watu dawa papo hapo bila kipimo kingine, na hutaki kumtibu mtu bure. Hapo ya pili ndiyo bora, kwa sababu wale wanne wa juu ni wagonjwa watupu. Kwa hiyo mtu akinitajia eneo peke yake, namwomba mchoro, kisha natazama kipande cha mkunjo ambacho kazi yangu itakaa.

Hili limeonekana katika utafiti wa kweli. Mjini Dhaka, Bangladesh, watu 23,954 waliofika kwenye vituo vitatu vya uchunguzi wa TB walipigwa eksirei na kupimwa makohozi, na picha zao baadaye zikasomwa na programu tano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Eneo la programu bora lilikuwa 0.908 na la walio mkiani 0.849, tofauti ambayo kwa macho ya haraka si kubwa. Lakini walipobanwa kwenye mstari wa kunasa asilimia 90, ni programu mbili tu kati ya tano, qXR na CAD4TB, zilizokidhi kile kigezo cha kutoshuku bure zaidi ya asilimia 30.

Tuingie kwenye mpaka wenyewe. Mwaka 1950 mtaalamu wa takwimu Youden alipendekeza njia rahisi: kwa kila mpaka toa kiwango cha kushuku bure kwenye kiwango cha kunasa, kisha chagua penye jibu kubwa. Kwa programu yetu ya kwanza, mpaka wa 70 unatoa 0.5, wa 50 unatoa 0.6, wa 32 unatoa 0.5. Youden angechagua 50. Hesabu ni nadhifu, na programu nyingi za takwimu huileta bila kuulizwa, lakini ndani yake kuna uamuzi uliofichwa: inachukulia asilimia moja ya wagonjwa walioachwa kuwa sawa na asilimia moja ya wazima waliosumbuliwa. Wagonjwa na wazima hawalingani idadi, na kumwacha mgonjwa wa TB akirudi kwenye chumba anacholala na watoto si sawa na kumwambia mzima atoe makohozi.

Basi tuhesabu kwa watu, si kwa asilimia. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya uliokamilika mwaka 2016 ulikadiria wagonjwa 558 wa TB kwa kila watu wazima 100,000, yaani kati ya watano na sita kwa kila elfu. Tuseme gari la eksirei limeegeshwa kwenye mtaa wenye msongamano ambako hali ni karibu mara mbili ya hiyo: watu elfu moja wanapigwa picha, kumi wana TB, 990 hawana. Tuseme pia viwango vya mfano wetu vinashikilia.

Kwenye mpaka wa 70 tunanasa wagonjwa 6 na kushuku bure 99. Makohozi ya watu 105 yanakwenda maabara. Kwenye 50 tunanasa 8 na kushuku bure 198, jumla 206. Kwenye 32 tunawanasa wote 10, na wanaoshukiwa bure ni 495, jumla 505. Mashine ya GeneXpert yenye nafasi nne hupima makohozi ya watu wanne kwa pamoja, na kila zamu huchukua kama saa mbili, hivyo siku ya kazi ya saa nane inatoa vipimo 16. Mpaka wa 70 ni kazi ya siku saba. Mpaka wa 50 ni siku 13. Mpaka wa 32 ni siku 32 za mashine nzima isiyoharibika, isiyokatikiwa umeme na isiyopimia mtu mwingine yeyote.

Tazama nyongeza, maana humo ndimo uamuzi ulimo. Kutoka 70 hadi 50 tunaongeza wagonjwa wawili kwa vipimo 101, kama vipimo 50 kwa kila mgonjwa. Kutoka 50 hadi 32 tunaongeza wagonjwa wawili kwa vipimo 299, karibu 150 kwa kila mgonjwa. Hiki ndicho kile kipande cha mkunjo kilicholala, na sasa kulala kwake kuna bei.

Hamisha programu ileile, bila kugusa kitu, uipeleke kwenye kliniki inayopokea watu wanaokohoa kwa wiki kadhaa na kupungua uzito. Tuseme kati ya watu elfu moja wa kliniki hiyo 150 wana TB. Kwenye mpaka wa 50 wananaswa 120 na kushukiwa bure 170. Kwenye 32 wananaswa wote 150 na kushukiwa bure 425. Nyongeza ni wagonjwa 30 kwa vipimo 285: kasoro kidogo vipimo kumi kwa kila mgonjwa, badala ya 150 vya kule mtaani. Mkunjo ni uleule, eneo ni lilelile, mpaka ni uleule, lakini kule mtaani msimamizi wa maabara ana haki ya kukataa, na hapa kliniki mimi nisingemwelewa akikataa.

Hata jibu lenyewe hubeba uzito tofauti. Kule mtaani, kati ya watu 206 waliovuka alama 50, wanane tu ndio wagonjwa, mmoja kati ya 26 hivi. Kliniki, kati ya 290 waliovuka, 120 ni wagonjwa, wanne kati ya kumi. Kwa hiyo mhudumu wa mtaani anayemwambia mtu "eksirei imeonyesha TB" anamtia hofu bila sababu. Kilichoonyeshwa ni kwamba apimwe.

Hesabu hizi zote zinasimama juu ya mkunjo, na mkunjo unaweza kudanganya. Njia ya kawaida ya kudanganya haina hila yoyote. Inatokana na kubana matumizi. Mradi unapima makohozi ya waliovuka mpaka tu, tuseme 50, halafu unachora mkunjo kwa majibu hayo. Mgonjwa mwenye 33 hakupimwa, kwa hiyo hayumo kwenye hesabu ya waliokoswa. Wagonjwa wanaojulikana ni wanne na wote wamenaswa: kiwango cha kunasa kinasomeka asilimia 100 badala ya 80. Upande wa pili nao unaharibika, kwa kuwa wasio wagonjwa wenye alama ndogo nao hawamo, na waliobaki wote walishukiwa bure. Ukisoma ripoti ya namna hii, uliza swali moja: wenye alama ndogo walipimwa makohozi? Kama gharama haikuruhusu kuwapima wote, walau sampuli yao iliyochaguliwa kwa kura ingepimwa. Huko Dhaka walipimwa wote, ndiyo maana naweza kuziamini namba zile.

Njia nyingine ni kuchagua watu wepesi kutenganisha. Ukichukua picha za wagonjwa waliolazwa mapafu yakiwa yameliwa, ukazilinganisha na za vijana waliopigwa eksirei ili waajiriwe, eneo litapaa hadi karibu na 1. Watu wa katikati, wenye makovu, nimonia au pumu, hawakuwemo. Utafiti wa Dhaka ulionyesha kwamba programu zote tano zilifanya vibaya zaidi kwa wenye umri unaozidi miaka 60 na kwa waliowahi kuugua TB. Mkunjo wa jumla huwachanganya hao na vijana. Ukiwatenga, kila kundi lina mkunjo wake, na mpaka unaowafaa vijana utawashuku bure wazee wengi.

Uchache wa wagonjwa pia ni wa kutazamwa. Katika mfano wetu mgonjwa mmoja ni asilimia 20 nzima. Kama yule wa 33 angekuwa na 53, mpaka wa 50 ungeonekana unanasa wote. Mtafiti akikupa mkunjo wenye ngazi ndefu kama zetu, jua wagonjwa wake walikuwa wachache, na usiamini mpaka aliouchagua hadi ujaribiwe kwa watu wengine ambao hawakutumika kuuchagua. Mpaka uliotafutwa na kupimwa kwa watu walewale kwa kawaida huonekana bora kuliko ulivyo.

Mwisho ni jambo ambalo wasimamizi wengi wa vituo hukutana nalo bila kutarajia: toleo jipya la programu. Mtengenezaji analeta toleo linalosifiwa kwa eneo kubwa zaidi, na sifa hiyo inaweza kuwa ya kweli. Lakini eneo, kama tulivyoona, linajali mpangilio tu. Watu wote wakibaki katika mpangilio uleule huku kila alama ikigawanywa kwa mbili, eneo halibadiliki hata chembe, na mkunjo ni uleule; ila mgonjwa aliyekuwa na 84 sasa ana 42, na mpaka wa 50 ulioandikwa kwenye karatasi ukutani unamruhusu aende nyumbani. Alama 50 ya programu moja si alama 50 ya nyingine, wala ya toleo lake lililopita. Kituo kilichohifadhi picha za zamani pamoja na majibu yao ya makohozi kinaweza kuzipitisha upya kwenye toleo jipya, kuzipanga kuanzia alama kubwa kwenda ndogo, na kusoma ni alama ipi sasa inayonasa wagonjwa tisa kati ya kumi. Dalili ya kwanza kwa asiyehifadhi itaonekana kwenye daftari la maabara: idadi ya makohozi yanayoletwa kwa wiki imeshuka au imepanda ghafla, ilhali watu wanaopigwa picha ni walewale.